Kufunga pikipiki kwenye pikapu kwa safari ya barabara mbovu

Pikipiki inayoanguka ndani ya bodi ya pikapu kwenye barabara ya vumbi kwa kawaida haiangushwi na mkanda uliokatika. Inaangushwa na mkanda uliolegea kwa nusu sekunde tu, ndoano ikachomoka mahali pake, kisha korongo lililofuata likamaliza kazi. Dereva akifika anakuta mkanda mzima, racheti imefungwa vilevile alivyoifunga, lakini pikipiki imelalia tangi.

Hesabu yake ni rahisi. Tuchukue Bajaj Boxer BM 150, ambayo ina uzito wa karibu kilo 120. Kiwango cha Ulaya cha ufungaji wa mizigo barabarani, EN 12195-1, kinataka mzigo uzuiwe kwenda mbele kwa nguvu inayolingana na asilimia 80 ya uzito wake, na kwenda pembeni au nyuma kwa asilimia 50. Kwa Boxer hiyo ni kama kilo 96 mbele na kilo 60 pembeni. Mkanda mwembamba wa racheti wenye upana wa milimita 25, ulioandikwa LC 250 daN kwenye lebo yake, unaruhusiwa kuvutwa moja kwa moja kwa nguvu ya karibu kilo 250. Hata ukipunguza kiasi fulani kwa sababu mkanda umefungwa kwa kulalia upande, mikanda minne ya namna hiyo inatosha na kubaki. Kwa hiyo anayenunua mkanda mnene wa lori wenye upana wa milimita 50 kwa kuogopa kukatika anatibu ugonjwa usiokuwepo, na racheti yake kubwa inampa uwezo wa kupinda usukani bila yeye kujua.

Tatizo halisi liko kwenye shokapu. Ukifunga mkanda kutoka kwenye usukani hadi sakafuni, unaibana pikipiki chini na shokapu za mbele zinajikunja kidogo. Mvutano wote wa mkanda sasa unatokana na springi za shokapu zinazosukuma juu. Gari likiingia shimoni na kuibuka kwa kishindo, uzito wa pikipiki unazikunja shokapu hizo zaidi, usukani unashuka, na mkanda ambao urefu wake haukubadilika unabaki ukining'inia. Hapo ndoano iliyo wazi haina kinachoishikilia. Mwongozo huu umejengwa juu ya njia moja ya kuliondoa tatizo hilo: matairi yafungwe sakafuni kwa mikanda yake yenyewe, isiyopitia kwenye shokapu, na mikanda ya juu ibaki na kazi moja tu ya kuizuia pikipiki isilale.

Vifaa na gari

Andaa mikanda sita ya racheti yenye upana wa milimita 25 na urefu wa mita tatu hivi. Mikanda ya poliesta inafaa kuliko ya nailoni, kwa kuwa nailoni hutanuka zaidi, hasa ikilowa. Kagua kila mkanda kwa kuupitisha vidoleni: ukihisi manyoya, mchubuko kwenye ukingo au sehemu iliyokakamaa kwa jua, uweke kando. Ongeza vitanzi vinne vya mkanda laini, yaani vipande vya mkanda vilivyoshonwa duara kila mwisho, ambavyo huzungushwa kwenye chuma cha pikipiki ili ndoano ishike kitanzi badala ya kukwaruza rangi au kuteleza juu ya bomba. Mwisho tafuta vipande virefu vya mpira wa tyubu kuukuu, kama vile ambavyo waendesha bodaboda hufungia mizigo kwenye keria. Mpira huo haufai kuishika pikipiki, kwa sababu kazi yake ya asili ni kuvutika, lakini una nafasi muhimu itakayoelezwa baadaye.

Kuhusu gari, pikapu ya kebini moja ndiyo inayofaa. Bodi yake ina urefu wa zaidi ya mita mbili, na Boxer, ambayo kutoka ncha ya tairi la mbele hadi ncha ya tairi la nyuma ni karibu mita 1.9, inaingia na mlango wa nyuma unafungwa. Kwenye kebini mbili bodi huwa na mita moja na nusu hivi, na wengi huacha mlango wa nyuma ukiwa umelala ili tairi la nyuma likae juu yake. Kwenye lami, kwa mwendo mfupi, inavumilika. Kwenye barabara mbovu sikubaliani nayo, kwa sababu mlango huo unaning'inia kwenye waya mbili nyembamba na bawaba ndogo, na kila kishindo kinaupiga kwa uzito wa nyuma wa pikipiki. Ikiwa hakuna gari jingine, iweke pikipiki kimshazari, tairi la mbele kwenye kona iliyo nyuma ya dereva na la nyuma kwenye kona iliyo kinyume, upime kwanza kama inaenea ndani.

Kabla ya kupakia, ingia ndani ya bodi utazame mahali pa kushikia. Unahitaji vitanzi vya chuma vilivyofungwa kwa bolti kwenye sakafu au chini ya kuta: viwili mbele na viwili nyuma. Vindoano vya nje vilivyo chini ya ukingo wa bodi viliwekwa kwa ajili ya kamba ya turubai, na vingine ni vyembamba kama msumari mkubwa. Kishike kila kimoja ukivute kwa nguvu zako zote kwenda juu na pembeni. Kikicheza, au ukiona kutu iliyopasuka kwenye mzizi wake, usikitegemee. Fundi wa kuchomelea anaweza kukufungia vitanzi vinne vya bolti vyenye sahani ya chuma upande wa chini wa sakafu, na hiyo ndiyo fedha itakayotumika vizuri kuliko yote katika kazi hii.

Kupandisha na kuisimamisha

Ubao wa kupandia uwe na urefu wa mita mbili na nusu, unene wa sentimita tano na upana wa kutosha mguu wa mtu kando ya tairi. Ufunge kwa kamba kwenye bodi ili usisukumwe nyuma wakati tairi la nyuma linapoupanda, kwani hapo ndipo watu wengi huumia. Ukipata ukingo wa ardhi wa kurudisha gari, utumie. Hakuna ubao unaolishinda tuta la udongo. Watu watatu wanatosha: mmoja kushoto akishika usukani na breki ya mbele, mmoja kulia, mmoja akisukuma nyuma bila kusimama katikati ya njia ya pikipiki.

Ikishapanda, tairi la mbele liguse ukuta wa mbele wa bodi au, vizuri zaidi, likae kwenye kibanio cha mbao. Kibanio hicho ni kipande cha ubao chenye mbao mbili nyembamba zilizopigiliwa sambamba, zikiacha nafasi ya sentimita nane katikati, kwa sababu tairi la mbele la Boxer lina upana wa inchi 2.75, sawa na sentimita saba. Ubao huo uegemee ukuta wa mbele ili usisogee. Kama sakafu ya bodi ni ya plastiki au imepakwa rangi inayoteleza, tandika kipande cha mkeka wa mpira chini ya matairi yote mawili.

Usukani unyooke na usifungwe kwa funguo, kwa sababu kufuli la usukani hulazimisha tairi kugeuka upande mmoja. Ng'oa vioo vya pembeni. Funga koki ya mafuta, na tangi lisiwe limejaa hadi mdomoni, kwa kuwa kifuniko kina tundu la kupumulia na petroli itamwagika humo njia nzima. Weka gia ya kwanza. Stendi zote mbili zikunjwe. Jambo hili linapingwa sana na watu wanaoona pikipiki imesimama vizuri kwenye stendi ya kati, lakini stendi ni miguu miwili ya bomba inayopokea kila kishindo juu ya bati jembamba. Huitoboa sakafu au hupinda, na ikipinda mikanda yote inalegea kwa pamoja.

Mikanda miwili ya juu, mbele

Kabla ya kuanza kukaza, weka alama ya wino au utepe kwenye bomba la shokapu, sentimita nne juu ya pale linapokutana na sehemu inayoteleza. Alama hiyo itakusaidia safari nzima.

Zungusha kitanzi laini kwenye chuma kipana kinachoziunganisha shokapu mbili chini ya taa, kimoja kila upande, karibu na shokapu yenyewe. Hapo ndipo mahali imara. Mwisho wa usukani, karibu na vishikio vya mkono, ni mahali pa kuepuka: mvutano hupata mkono mrefu wa kuuzungusha usukani ndani ya vibanio vyake. Hakikisha kitanzi hakibani waya wa klachi, waya wa breki wala nyaya za umeme. Peleka mkanda kutoka kwenye kitanzi hadi kwenye kona ya mbele ya bodi, ukishuka kwa mwinamo wa karibu nyuzi 45, ukienda nje na mbele kidogo. Mkanda ulionyooka wima hauzuii pikipiki kulala, na mkanda ulio karibu kulala sakafuni hauibani chini.

Sasa kaza, lakini kwa zamu. Pitisha mkanda kwenye ufa wa mhimili wa racheti, vuta kwa mkono hadi ulegevu wote uishe, kisha pampu mpaka mhimili uwe na mizunguko miwili au mitatu ya mkanda. Ukiwa na mizunguko pungufu ya miwili, mkanda unaweza kuteleza. Ukiuanza ukiwa mrefu mno, unajaa kwenye racheti na meno yanashindwa kushika. Kaza kushoto kidogo, nenda kulia, rudi kushoto, mwenzako akiishikilia pikipiki wima. Simama mbali kidogo nyuma ya gari uitazame: tairi la nyuma, taa ya nyuma na katikati ya usukani viwe kwenye mstari mmoja uliosimama.

Kipimo cha kutosha ni ile alama. Safari nzima ya shokapu za Boxer ni karibu sentimita 12. Zikishuka sentimita tatu hadi nne, yaani sehemu inayoteleza ikikaribia au kuigusa alama, acha. Mtu atakayekaza mpaka shokapu zinagota atadhani ameifunga sana, na kweli haitalegea. Lakini mafuta ya shokapu yakibanwa hivyo kwa saa sita za mtikisiko, sili zinaweza kuanza kuvuja. Huo ndio upungufu wa kutegemea mikanda ya juu peke yake: kwenye barabara mbovu inakutaka ukaze kupita kiasi, ama ukubali ndoano itachomoka.

Mikanda miwili ya matairi

Hapa ndipo pikipiki inaposhikwa kikweli. Pitisha kitanzi laini kati ya spoki, kikizunguka rimu na tairi kwa pamoja, sehemu ya chini ya tairi la mbele, kisha peleka mkanda kwenye vitanzi vya sakafuni kulia na kushoto. Ukiwa na mikanda sita tu, yaani mmoja kwa kila tairi, mkanda huo unaweza kushika kitanzi cha kulia, kupita juu ya rimu na kushuka kitanzi cha kushoto. Usiuvute dhidi ya spoki zenyewe, usiuguse waya wa breki wala kebo ya spidi. Fanya vivyo hivyo kwa tairi la nyuma, ukihakikisha mkanda haugusi cheni, maana grisi hula nguvu ya msuguano ya mkanda na meno ya sproketi hula mkanda wenyewe.

Fanya hili baada ya kukaza mikanda ya mbele ya juu, kwa sababu matairi huwa yameshabonyea na kukaa mahali pake. Mkanda wa tairi haupitii shokapu yoyote, kwa hiyo gari likiruka, umbali kati ya rimu na sakafu haubadiliki isipokuwa kwa ule ubonyeaji mdogo wa tairi lenyewe. Mwili wa pikipiki unaweza kupanda na kushuka juu ya springi zake, kazi ambayo uliundiwa, huku miguu yake ikiwa imefungwa.

Iliyobaki ni mikanda miwili ya juu nyuma, kutoka kwenye sehemu ya keria iliyoungana na fremu hadi kona za nyuma za bodi. Jaribu kwanza bolti za keria kwa spana. Mikanda hii ikazwe kiasi tu cha kuuzuia mkia kucheza kulia na kushoto. Haina haja ya kuzibana shokapu za nyuma.

Kuziba midomo ya ndoano

Kila ndoano isiyo na kifungio cha springi izibwe mdomo. Chukua kipande cha mpira wa tyubu, kizungushe mara nne au tano juu ya mdomo wa ndoano pamoja na kitanzi ilichoshika, ukivuta mpira mpaka uwe mwembamba, kisha chomeka ncha chini ya mzunguko wa mwisho. Ukimaliza, itikise ndoano kwa mkono mkanda ukiwa umelegezwa makusudi. Ikibaki mahali pake bila mvutano wowote, kazi imekamilika, maana hata ile nusu sekunde ya ulegevu haitaichomoa.

Mkia wa mkanda uliobaki usiachwe ukipepea. Hujipiga kwenye ukingo wa bati mpaka ukachanika, au hunaswa na tairi la gari. Ukunje na uufunge kwa mpira uleule. Kipini cha racheti kilazwe kabisa mpaka kisikike kikiingia mahali pake. Kikibaki kimeinuka, mtikisiko wa rasta, yaani yale mawimbi madogo yanayofuatana kwenye barabara ya vumbi, unaweza kukifungua. Na pale mkanda unapogusa ukingo wa chuma, weka kipande cha tyubu katikati.

Jaribio la mwisho kabla ya kuondoka: mtu mzima aegemee usukani kwa uzito wake wote na kuuachia, mara kadhaa, mwingine akitazama. Mikanda ya juu italegea kidogo kila anaposhuka, na hilo si kosa. Kosa ni ndoano kugeuka, tairi kusogea hata sentimita moja, au pikipiki kutorudi kwenye wima wake.

Safari yenyewe: Mbeya hadi nyuma ya Makongolosi

Tuchukue Boxer inayopelekwa kutoka Mbeya kwenda vijiji vya wachimbaji wa dhahabu wilayani Chunya. Kutoka Mbeya hadi Chunya ni lami ya karibu kilomita 72, yenye mlima na kona nyingi, na kutoka Chunya hadi Makongolosi ni kilomita 39 nyingine. Kituo cha kwanza kiwe mapema sana, baada ya kilomita tano hadi kumi, kabla hata ya kuumaliza mlima. Matairi huwa yamejipanga, vitanzi vimejikaza kwenye chuma, na mikanda ambayo ilikuwa imara nyumbani sasa ukiibonyeza kwa kidole gumba katikati inaingia zaidi. Kaza jino moja au mawili, si zaidi, na uangalie alama kwenye shokapu.

Kwenye kona nguvu ni ya pembeni, na inafanya kazi polepole. Simama Chunya uitazame pikipiki kwa nyuma. Ikiwa imeinamia upande mmoja, usikaze upande wa pili peke yake. Legeza kidogo upande ulioinamia mwenzako akiishika, inyooshe, kisha kaza pande zote mbili kwa zamu.

Makongolosi ndipo pa kukagua kila kitu upya, kwa sababu ukitoka hapo kuelekea Lupatingatinga na Rungwa mambo hubadilika: vumbi, rasta na makorongo. Rasta ni hatari kuliko shimo kubwa. Shimo utaliona na kupunguza mwendo, ilhali rasta hutikisa kila bolti na kila racheti mfululizo kwa nusu saa, na dereva aliyezoea huongeza mwendo ili gari lipite juu juu. Akiwa na pikipiki nyuma, apunguze. Baada ya kipande cha kwanza cha rasta, simama na kagua mambo matatu: vipini vya racheti, mpira kwenye midomo ya ndoano, na rangi ya mkanda pale unapogusa chuma. Unga mweupe au manyoya mapya hapo ni dalili kwamba mkanda unasagika, na kipande cha tyubu kilichowekwa kimehama. Pita kidole pia kwenye bomba la shokapu. Vumbi kavu ni sawa. Duara la mafuta lililoshika vumbi linaonyesha kwamba sili imeanza kuvuja, na hapo punguza mvutano wa mbele kwa sentimita moja au mbili, kwa kuwa mikanda ya matairi bado ipo.

Usipokuwa na racheti

Watu wengi hufunga kwa kamba ya manila, na pikipiki nyingi zimefika salama hivyo. Ugumu wake ni kwamba kamba za plastiki hutanuka na mafundo yake huteleza, kwa hiyo inakulazimu kukagua mara nyingi zaidi. Tumia kamba kwa mikanda ya juu, kwa mtindo wa madereva wa lori wa kutengeneza kitanzi katikati ya kamba, kupitisha ncha kwenye ndoano ya bodi, kuirudisha kwenye kitanzi na kuvuta chini ili kupata nguvu mara mbili. Kama una racheti mbili tu, zipeleke kwenye matairi.

Kwenye Kenta au Fuso yenye bodi ya mbao mambo ni yaleyale, ila usifunge kwenye mbao za pembeni. Tafuta fremu ya chuma. Na pikipiki isilazwe juu ya magunia kwa kisingizio kwamba ni laini. Petroli itatoka, maji ya betri yenye asidi yatafuata tundu lake la kupumulia, na mwenye magunia atakuwa na neno la kusema.

Kushusha

Chagua mahali pa tambarare. Fungua mikanda ya matairi na ya nyuma kwanza, mtu mmoja akiwa ameshika usukani kushoto tangu mwanzo. Mikanda ya mbele iachwe mwisho, na racheti zake zifunguliwe uso ukiwa pembeni, kwani shokapu zilizokunjwa huinuka ghafla na kipini kinaweza kurudi kwa nguvu. Ukiweza, fungua upande mmoja nusu, kisha mwingine, ili pikipiki isiruke upande. Ikishashuka, bonyeza breki ya mbele na uizamishe mara chache kabla ya kuiwasha, kisha kaza upya vioo na jaribu bolti za keria na za usukani kwa spana.